Vyeti viwili vya binti wa Tukuyu: mwajiri alisoma nini?

Binti huyu alikwenda Dar es Salaam kwenye usaili wa wahudumu wa ndani ya ndege akiwa na bahasha yenye vyeti viwili. Wiki mbili baadaye alipata ujumbe mfupi kwamba mafunzo yake ya usalama "hayakuthibitika". Baba yake, mkulima wa parachichi na ndizi kule Rungwe, alimleta kwangu Mbeya kwa sababu aliambiwa niliwahi kufundisha wahudumu wa ndege. Walikuwa wameshafikia uamuzi wao: cheti kimepitwa na wakati, basi walipe kozi ya marudio waende tena.

"Mwalimu, tuambie tu ni wapi bei nafuu," mzee akasema hata kabla chai haijafika.

Nikawaomba vyeti vyenyewe, na maelezo ya usaili neno kwa neno. Ninakiandika kisa hiki kwa ruhusa yao kwa sababu nimeona vijana wengi wa nyanda za juu wakilipia tiba ya ugonjwa ambao hawana.

Cheti cha kwanza kilitoka chuo kimoja cha hapa mjini. Miezi sita, karatasi nene, muhuri wa dhahabu, na orodha ya masomo: huduma kwa wateja, mavazi na vipodozi, tiketi, Kiingereza, na mwishoni kabisa "SEP". Hizo ndizo herufi zinazotumika katika fani kwa mafunzo ya usalama na taratibu za dharura. Cheti cha pili kilitoka chuo cha Dar es Salaam, cha wiki chache, karatasi ya kawaida isiyo na urembo. Kilitaja mafunzo ya awali ya usalama, huduma ya kwanza na bidhaa hatari, na chini yake kulikuwa na namba ya cheti, namba ya idhini ya chuo kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na sahihi ya mkufunzi. Kwenye usaili binti alitanguliza kile cha dhahabu. Ofisa aliyekipokea alikigeuza upande wa nyuma, akakiweka pembeni, akaomba kingine.

Hakukiweka pembeni kwa dharau. Kwa kanuni za kimataifa, anayebeba wajibu wa kumfundisha mhudumu ni shirika la ndege lenyewe. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa kinalitaka kila shirika liwe na programu ya mafunzo iliyoidhinishwa na nchi yake, na kila mhudumu airudie kila mwaka. Kinataja hata anachopaswa kuweza: kutekeleza majukumu yake wakati wa dharura, kutumia kwa mikono yake jaketi la kuokolea, milango ya dharura, vizima moto, oksijeni na sanduku la huduma ya kwanza, kujua mwili unavyofanya hewa inapopungua juu ya mita 3,000, na kuzitambua bidhaa hatari. Kwa upande mwingine, Kiambatisho cha 1, kinachohusu leseni za marubani na mafundi, hakimdai mhudumu leseni. Kila nchi imejipangia njia yake. Ulaya hutoa hati maalumu ya mhudumu, Marekani hutoa cheti cha umahiri baada ya mafunzo ya shirika, na mashirika makubwa ya Ghuba huajiri watu wasio na cheti chochote cha fani na kuwafundisha yenyewe tangu mwanzo.

Kwa hiyo cheti cha chuo hakimfanyi mtu kuwa mhudumu wa ndege ya shirika fulani. Kinamwambia mwajiri kwamba msingi umeshawekwa, ili yeye ajenge juu yake aina ya ndege zake, vifaa vyake na maneno ya amri ya kitabu chake. Kama msingi hauthibitiki, shirika litalazimika kuuweka upya kwa gharama yake, au litamchukua mwombaji mwingine. Likiwa na waombaji mia kwa nafasi kumi, unajua litafanya lipi.

Turudi kwenye cheti cha dhahabu. Mzee aliniuliza kwa uchungu: chuo kimesajiliwa, namba ya usajili ipo ukutani, iweje kisitambuliwe? Ni kweli kimesajiliwa. Lakini usajili wa mamlaka ya elimu ya ufundi, NACTVET, unahusu kuendesha chuo na kutoa tuzo za ufundi. Idhini ya kufundisha usalama wa anga hutolewa na TCAA, na hutolewa kwa kozi iliyotajwa kwa jina. Chuo kinaweza kuwa na usajili wa kwanza bila kuwa na idhini ya pili, na kisiwe kimevunja sheria yoyote, mradi hakijamwambia mtu kwamba kinayo. Mwajiri hatafuti neno "kimesajiliwa". Anatafuta namba ya idhini ya mamlaka ya anga, kisha anaangalia kama idhini hiyo inahusu kozi ya wahudumu au inahusu kitu kingine, kwa mfano uhudumu wa abiria kaunta au utayarishaji wa safari.

Nikamuuliza binti swali ambalo hata mwajiri angeuliza: "Mwanangu, hapo chuoni mlizima moto wapi?"

"Tulionyeshwa kwenye video, mwalimu. Na kizima moto tulikishika, kilikuwa cha ukutani."

Hapo hakukuwa na la kuongeza. Mafunzo ya awali yana sehemu isiyoweza kufanyika kwa slaidi za projekta: mwanafunzi anazima moto halisi, anaingia kwenye chumba chenye moshi akiwa amevaa kofia ya kujikinga, anafungua mlango wa ndege au mfano wake wenye uzito ule ule, na anaingia majini. Chuo kisicho na vifaa hivyo, wala mkataba na mahali penye vifaa hivyo, kinaweza kufundisha nadharia nzuri tu. Kozi ya miezi sita yenye masomo mengi na SEP ikiwa mstari mmoja huonyesha hivyo hata kabla hujapiga simu.

Cheti cha pili kilikuwa halali. Hapa ndipo familia ilipojichanganya, maana walidhani tatizo ni tarehe. Binti alimaliza mwezi wa pili mwaka juzi, usaili ulikuwa mwezi wa tano mwaka huu, na kila mtu anajua "SEP ni ya mwaka mmoja". Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Kinachodumu miezi kumi na miwili ni uhalali wa mhudumu aliye kazini: lazima arudie mafunzo na kupimwa ndipo aendelee kupangiwa safari. Marudio hayo, ambayo kwenye fani huitwa rikarenti, hufanywa kwa aina ya ndege anayoirukia na vifaa vya shirika lake. Mtu asiye na shirika hana cha kurudia kwa maana hiyo. Akilipia "rikarenti" mtaani atapata karatasi mpya, na shirika litakalomwajiri litamfundisha upya vile vile. Ulaya, ambako jambo hili limeandikwa wazi, hati ya mafunzo ya awali haiishi kwa mwaka: inapoteza nguvu mhudumu akikaa miezi 60 mfululizo bila kuruka kwenye aina yoyote ya ndege. Bidhaa hatari nazo zina saa yake, miezi 24, kwa hiyo hicho kipande peke yake ndicho kilichokuwa kimepita muda kwa binti huyu, na ni kozi ndogo ambayo shirika huifanya kwenye mafunzo ya kujiunga.

Miaka miwili ya kukaa nyumbani humfanya mwajiri asite, hilo sikatai. Anaweza kumtaka mtu apitie upya baadhi ya mazoezi. Lakini neno waliloandika ni "hayakuthibitika", na mtu wa ofisi ya mafunzo halitumii kwa cheti kilichopita tarehe. Anasema kimeisha. Nikawaambia kuna kitu shirika lilikiuliza chuoni likajibiwa vibaya.

Watu wengi wanafikiri uhakiki ni kupiga simu iliyoandikwa kwenye cheti. Shirika makini halifanyi hivyo, kwa sababu anayeghushi cheti ataghushi na namba ya simu. Kwanza linathibitisha kwa mamlaka kwamba chuo kilikuwa na idhini katika tarehe zilizo kwenye cheti. Hilo la tarehe lina maana, kwa sababu idhini huhuishwa, na chuo kinaweza kuwa nayo leo lakini hakikuwa nayo mwaka ule. Kisha linamwandikia mkuu wa mafunzo wa chuo kwa anwani ambayo shirika limeipata lenyewe, likiambatisha nakala ya cheti. Maswali huwa ya moja kwa moja: je, namba hii ya cheti mliitoa ninyi, kwa nani, alihudhuria kuanzia lini hadi lini, alipata alama gani, na mtuonyeshe kumbukumbu ya mazoezi ya vitendo.

Hiyo kumbukumbu ya mwisho ndiyo mwanafunzi huwa haioni. Ni fomu inayobaki kwenye jalada la chuo, yenye kila zoezi kwenye mstari wake, tarehe lililofanyika, sahihi ya mkufunzi na mara nyingi ya mwanafunzi. Cheti ni muhtasari wake tu. Chuo chenye idhini hukaguliwa na mamlaka kwenye majalada hayo, kwa hiyo hata kingependa kumsaidia mwanafunzi wake hakiwezi kujaza mstari uliobaki wazi.

Nikamwuliza kama kuna siku yoyote alikosa. Akafikiri, akamtazama baba yake. Bibi yake alifariki wiki ya mwisho ya kozi, akapanda basi usiku kwenda Tukuyu. Aliporudi darasa lilikuwa limeshakwenda kwenye bwawa la kuogelea walilokodi. Aliambiwa atalifanya na kundi linalofuata. Akafanya mtihani wa nadharia, akafaulu, na siku ya kugawa vyeti jina lake likasomwa na wenzake. Hakuna aliyemkumbusha bwawa, na yeye akaona kama limesamehewa.

Tukaandika barua pepe chuoni, binti mwenyewe akiomba nakala ya kumbukumbu yake ya mazoezi. Hiyo ni haki yake na chuo kiliituma ndani ya siku chache. Moto: sahihi. Moshi: sahihi. Mlango: sahihi. Huduma ya kwanza: sahihi. Zoezi la majini: mstari mtupu. Nakala hiyo hiyo ndiyo shirika lilikuwa limetumiwa.

Mzee alikasirika. "Kwa zoezi moja la kuogelea?"

Nilimwelewa, lakini shirika hilo hurusha ndege za pangaboi zenye viti sabini na kitu. Kipimo kinachotumika sana duniani ni mhudumu mmoja kwa kila viti hamsini au sehemu yake, maana yake ndani wanakuwa wawili. Mgeni akipangwa safari yake ya kawaida ya kwanza, nusu ya abiria ni wake. Na safari zenyewe ni Zanzibar, Mwanza, Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya ATR 42 iliingia Ziwa Viktoria ikikaribia uwanja wa Bukoba, watu 19 wakafariki. Nchi hii haihitaji kukumbushwa kwamba maji yapo mwishoni mwa barabara ya kurukia.

Zoezi lenyewe halipimi kuogelea. Mhudumu anavaa jaketi akiwa na nguo, anaingia majini, anajifunza kulijaza hewa kwa kuvuta kamba na kwa kupuliza kwa mdomo linapogoma, kupanda boya, kumvuta mtu asiyejiweza, na kukaa kwa mkao unaopunguza kupoteza joto. Jambo moja linalokaa mwilini baada ya zoezi hilo ni kwa nini abiria wanakatazwa kujaza jaketi wakiwa bado ndani ya ndege. Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaangukia baharini karibu na Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125, na baadhi yao walikuwa wamejaza jaketi mapema: maji yalipoingia yaliwanyanyua hadi darini wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Aliyewahi kujaribu kuzama akiwa na jaketi lililojaa haambiwi mara mbili.

Binti naye alikuwa na hoja: kwenye usaili alieleza vizuri sana namna ya kufungua mlango na kuachia slaidi ya kuokolea, ile ambayo abiria huteleza juu yake hadi chini, na wasaili hawakuonekana kujali. Nikacheka kidogo. Slaidi huwekwa pale ambapo kizingiti cha mlango kiko juu ya takriban mita 1.8 kutoka ardhini. Ndege za pangaboi kama ATR na Dash 8 ziko chini, abiria hushuka kwa ngazi iliyo kwenye mlango wenyewe au huruka. Alikuwa anajibu kwa ndege asiyoiombea kazi. Hilo halimwangushi mtu, ila linawaonyesha wasaili kwamba hajasoma hata ndege za shirika.

Kilichowatia shaka zaidi ni swali la simu. Waliuliza: simu ya abiria inatoa moshi kwenye kiti, utafanya nini? Akajibu: nitaizima kwa kizima moto, kisha nitaitia kwenye ndoo ya barafu kutoka jikoni. Nusu ya kwanza ni sawa. Haloni, gesi iliyo ndani ya kizima moto cha ndege, huua miali inayoonekana. Lakini betri ya lithiamu inaendelea kuchemka ndani, seli moja ikiiwasha jirani yake, na dawa pekee ni kuondoa joto: unamwagia maji, au kinywaji chochote kisicho na kilevi, mengi, tena na tena, na huihamishi ikiwa bado inatoa moshi. Barafu hufanya kinyume, inakifunika kifaa na kulifungia joto ndani. Wasaili wanalipenda swali hili kwa sababu aliyekariri huvutiwa na baridi, na aliyefundishwa anakumbuka maji. Nilipomuuliza jibu la barafu alilitoa wapi, alisema kwenye madaftari ya chuo cha kwanza. Yalikuwa yamefuta yale aliyofundishwa Dar.

Kwa hiyo mbele ya wasaili kulikuwa na mtu mwenye cheti halali, jalada lenye mstari mtupu, na jibu moja lisilofanana na mafunzo ya chuo kilichoandikwa kwenye cheti. Ukiviweka pamoja, mtu mwenye shaka anaweza hata kujiuliza kama aliyekaa darasani ndiye aliyekaa kwenye usaili. Tena majina yalikuwa hayalingani: cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, na chuo cha Dar kiliandika la baba na la ukoo kwa mpangilio uliogeuka. Hilo ni dogo, linamalizwa na hati ya kiapo cha majina iliyoambatishwa mapema, kabla mwajiri hajaiuliza.

Tulichokifanya ni hiki. Rikarenti tuliiacha kabisa. Binti aliandikia chuo kuomba kumalizia zoezi la majini na kundi lijalo, na kuomba kwamba likishafanyika mstari ujazwe kwa tarehe yake halisi. Kulirudisha nyuma kwa tarehe ya mwaka juzi lingekuwa kosa kubwa kuliko la awali. Chuo kilikubali, ila kikataka apitie pia upya moto na moshi kwa sababu ya muda uliopita, na arudie bidhaa hatari. Hiyo ni busara, na gharama yake ni sehemu ndogo ya kozi nzima. Kisha akaliandikia shirika barua fupi: zoezi fulani halikukamilika kwa sababu ya msiba, chuo kimepanga tarehe, kumbukumbu iliyokamilika nitaituma. Hakujitetea, hakuomba huruma. Ofisi ya mafunzo ya ndege husoma barua ya namna hiyo kwa makini kwa sababu kazi ya mhudumu ni kutoa taarifa ilivyo. Kwenye maombi yajayo cheti cha dhahabu kitabaki nyumbani, au kitaandikwa kwenye wasifu kama kozi ya huduma kwa wateja, na herufi za SEP zisitajwe kwenye mstari huo.

Mzee alibaki na swali lake, la ada ya chuo cha mjini. Nikamwomba atafute kipeperushi cha siku walipojiandikisha. Kama kinasema tu "kozi ya wahudumu wa ndege", hana pa kushika. Kama kinasema cheti kinatambuliwa na mamlaka ya anga, anayo karatasi ya kuipeleka TCAA na kwa aliyekisajili chuo. Alipiga simu nyumbani, mama akakikuta kwenye kabati: maneno "kinatambuliwa na mashirika yote ya ndege" yapo, jina la mamlaka halipo. Nimemshauri aandike malalamiko kwa chuo kwanza, akiomba namba ya idhini kwa maandishi. Hadi naandika hawajamjibu, na shirika limemjibu binti kwamba litalifungua jalada lake tena litakapopokea kumbukumbu iliyojazwa.